Duka Moja, Saruji na Dawa za Mimea: Jinsi ya Kupata VAT ya Kulipa Mwisho wa Mwezi

Ukipita Mbalizi, Igurusi, Makambako au Tunduma utayaona maduka ya namna hii kila mahali. Upande mmoja kuna saruji, mabati, nondo, misumari na rangi. Upande wa pili kuna dawa za magugu na dawa za wadudu. Nyuma ya duka ndipo familia inapoishi, na umeme wa kote unapita mita moja. Kwa biashara ni mpangilio mzuri, kwa sababu mkulima aliyevuna anajenga, na yule yule mvua zikikaribia anahitaji dawa. Kwenye ritani ya VAT, hata hivyo, mchanganyiko huo ndio unaowaponza wengi. Mwenye duka anajumlisha kodi yote iliyo kwenye risiti zake za manunuzi, anaitoa kwenye kodi ya mauzo, analipa kinachobaki. Siku wakaguzi wa TRA wakija, anadaiwa tofauti pamoja na riba.

Hapa nitalichukua duka moja la mfano lililopo Mbalizi na mwezi mmoja, Novemba 2024, tulihesabu mpaka shilingi ya mwisho. Kiwango ni 18%, kile cha kawaida cha Tanzania Bara. Duka limesajiliwa kwa VAT, maana mauzo yake yanayotozwa kodi yanapita shilingi milioni 200 kwa mwaka, kizingiti kilichoanza Julai 2023.

Kwa nini kodi ya manunuzi haitolewi yote

VAT unayolipa ukinunua inakatwa kwenye VAT unayokusanya ukiuza, lakini kwa sharti kwamba ulichonunua kimetumika kufanya mauzo yanayotozwa kodi. Dawa za mimea zimesamehewa. Mkulima halipi VAT dukani kwako, na kwa upande wako kodi uliyolipa kwenye gharama za kuuzia dawa hizo hairudi. Matumizi ya nyumbani nayo si mauzo kabisa, kwa hiyo kodi yake haina pa kukatwa.

Kusamehewa ni tofauti na kutozwa kwa kiwango cha sifuri, ingawa katika yote mawili mteja halipi VAT. Ukisafirisha saruji kwenda Zambia kupitia Tunduma, ukiwa na nyaraka za forodha zinazothibitisha kwamba mzigo umevuka, hayo ni mauzo yanayotozwa kodi kwa kiwango cha sifuri, na kodi ya manunuzi yake unaikata yote. Dawa za magugu ukiziuza kwa mkulima wa Chimala, unapoteza kodi ya manunuzi inayozihusu. Mteja wa kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, anayeingia dukani, analipa taslimu na kuondoka na mifuko yake, huyo hajakufanya msafirishaji wa nje. Mtoze 18% kama mteja mwingine yeyote.

Hatua ya kwanza: tenganisha mauzo

Anzia kwenye Z-ripoti, yaani ripoti za mauzo ya kila siku, za mashine ya EFD ya kutolea risiti, za mwezi mzima. Kama bidhaa ziliingizwa kwenye makundi sahihi ya kodi, ripoti zitakuonyesha mauzo ya 18% peke yake na yaliyosamehewa peke yake. Duka letu la Mbalizi lilikuwa na haya:

Mauzo ya vifaa vya ujenzi, pamoja na kodi, shilingi 42,480,000. Ukigawa kwa 1.18 unapata thamani bila kodi, 36,000,000. Kodi ya mauzo ni 6,480,000.

Mauzo ya dawa za mimea, shilingi 24,000,000. Hayana kodi.

Kabla ya kuziamini namba hizo, pitia bidhaa moja moja zilizo upande wa dawa. Msamaha uko kwenye bidhaa zilizotajwa katika jedwali la sheria. Rafu ambayo bidhaa imewekwa haibadilishi kitu. Mabuti ya mpira anayovaa mkulima akinyunyizia dawa yanakaa rafu moja na dawa, na muuzaji huyaita pembejeo, lakini yanatozwa 18%. Ukiyaingiza kwenye kundi la msamaha, kodi yake itatoka mfukoni mwako, maana mteja ameshaondoka. Na kosa likiwa upande wa pili, yaani dawa ya magugu imetolewa risiti ya 18%, kodi uliyoiandika kwenye risiti unadaiwa kuiwasilisha hata kama hukupaswa kuitoza. Makosa haya mawili huanzia siku bidhaa mpya inapoingizwa kwenye mashine, na hujirudia kila inapouzwa mpaka mtu ayagundue. Chukua orodha ya bidhaa zilizomo kwenye mashine yako uisome mstari kwa mstari angalau mara moja kabla ya msimu wa kilimo.

Hatua ya pili: ondoa kodi isiyokatwa kabisa

Sasa geukia manunuzi. Kuna kodi ambazo sheria imezifungia mlango bila kujali unauza nini. Kubwa kwa duka kama hili ni gari dogo la abiria: kulinunua, vipuri vyake na matengenezo yake. Ruhusa ipo tu kwa anayefanya biashara ya kuuza magari hayo, kuyakodisha au kusafirisha abiria. Mwenye duka letu alipeleka gari lake gereji, akalipa 500,000 na VAT 90,000. Gari hilo humpeleka benki na kwa wateja, lakini hilo halisaidii. Shilingi 90,000 zinatoka zote. Gharama za burudani na ada za uanachama wa klabu za michezo au starehe zinaangukia mlango huo huo.

Dizeli inafaa kutajwa hapa, kwa sababu risiti zake huwa nyingi na watu huzihesabu kwa mazoea. Petroli na dizeli zimesamehewa VAT. Tozo na ushuru uliomo kwenye bei ya lita si VAT, kwa hiyo hakuna cha kukata, na ukigawa bei ya mafuta kwa 1.18 utakuwa umetengeneza kodi ambayo haikulipwa.

Katika hatua hii pia weka pembeni risiti zisizo na sifa. Risiti iwe ya EFD, ionyeshe kodi, na iwe na utambulisho wako kama mnunuzi. Iliyochelewa kufika unaweza kuidai ndani ya miezi sita tangu tarehe yake, baada ya hapo imekufa.

Hatua ya tatu: toa sehemu ya nyumbani kabla ya kugawa

Hapa ndipo mpangilio wa hatua unapobeba hesabu nzima. Watu wengi huchukua umeme wote, ulinzi wote na kodi ya pango, wanavitia kwenye fungu moja, kisha wanatumia uwiano wa mauzo. Wanadhani kwamba uwiano ule unashughulikia na mambo ya nyumbani. Haushughulikii. Uwiano unapima mauzo dhidi ya mauzo, na nyumba haiuzi kitu. Sehemu ya nyumbani lazima itoke kwanza, kwa kipimo chake yenyewe.

Tuanze na umeme. Mwezi huo LUKU ilinunuliwa kwa vipande vipande, na ukijumlisha mistari ya VAT kwenye risiti unapata 54,000. Soma mstari wa VAT pekee, kwa sababu risiti hiyo ina makato mengine pia, ya REA na EWURA, na deni la kodi ya majengo hupitia humo humo. Nyumbani imefungwa mita ndogo. Kati ya uniti 1,000 zilizotumika, nyumba ilitumia 350. Sehemu ya duka ni 65%, kwa hiyo kodi inayobaki ni 35,100.

Mita ndogo ya namna hiyo ni gharama ya mara moja, na mimi naiona kuwa ya lazima kwa anayeishi nyuma ya duka lake. Bila mita utalazimika kukadiria kwa vifaa na saa, yaani jokofu la nyumbani, pasi, taa za duka na saa za kufungua. Makadirio yanakubalika yakiwa na mantiki na yameandikwa, lakini mkaguzi atayahoji. Namba ya mita hahoji. Piga picha mita zote mbili siku ya kwanza na siku ya mwisho ya mwezi, uweke picha hizo pamoja na risiti.

Ulinzi: kampuni ilileta ankara ya 800,000 na VAT 144,000 kwa walinzi wawili wa bei sawa. Mmoja analinda duka na stoo, mwingine analinda geti la nyumba. Nusu ni ya nyumbani. Inabaki 72,000. Iombe kampuni iandike kwenye ankara kila mlinzi yuko wapi. Kwao ni mstari mmoja wa ziada, nawe unakuwa na ushahidi ambao hukuuandika mwenyewe.

Pango: mwenye nyumba naye amesajiliwa, na anatoa ankara mbili. Ya duka ni 1,500,000 na VAT 270,000. Ya makazi haina VAT, kwa sababu kupangisha nyumba ya kuishi kumesamehewa. Hiyo ndiyo sahihi. Mwenye nyumba akikuletea ankara moja yenye 18% juu ya eneo lote, irudishe aitenganishe, kwani anakutoza kodi isiyostahili kwenye makazi, nawe huwezi kuikata.

Mtunza hesabu wa duka alilipwa 600,000 na VAT 108,000. Kazi yake haigusi nyumbani, kwa hiyo inabaki yote.

Jambo la mwisho katika hatua hii ni bidhaa zinazochukuliwa dukani. Mwenye duka anajenga chumba cha ziada nyumbani kwake, na Novemba alichukua mifuko 40 ya saruji kutoka mzigo wa mwezi huo huo. Mfuko mmoja ulinunuliwa 15,000 bila kodi, jumla 600,000, na VAT yake ni 108,000. Kodi hiyo haikatwi. Kama mzigo ungekuwa wa miezi ya nyuma, na kodi yake imeshakatwa kwenye ritani zilizopita, ingerudishwa kama marekebisho kwenye ritani ya mwezi ambao saruji ilichukuliwa. Daftari la stoo ndilo linalokulinda hapa. Saruji inayopungua bila risiti ya mauzo wala maelezo itahesabiwa na mkaguzi kuwa imeuzwa kimya kimya.

Hatua ya nne: mafungu matatu

Kilichobaki ni kodi ya biashara tupu. Igawe kwa kuuliza swali moja kwa kila risiti: kitu hiki kimetumika kuuzia nini?

Fungu la kwanza ni la vifaa vya ujenzi pekee. Saruji, mabati na nondo zilizonunuliwa Novemba zilikuwa 30,000,000 na VAT 5,400,000. Ukitoa 108,000 za saruji iliyokwenda nyumbani, inabaki 5,292,000. Hii inakatwa yote.

Fungu la pili ni la dawa pekee. Dawa zenyewe zilinunuliwa bila VAT. Lakini chumba cha dawa kiliwekewa rafu za chuma kwa 1,000,000 na VAT 180,000. Rafu zile hazibebi kitu kingine zaidi ya bidhaa zilizosamehewa, kwa hiyo kodi hiyo haikatwi hata shilingi. Msomaji mmoja anaweza kujiuliza: kwa nini nisiitie kwenye fungu la pamoja nipate angalau sehemu? Kwa sababu inajulikana ilikokwenda. Uwiano ni wa yale ambayo huwezi kuyatenganisha.

Fungu la tatu ni la pamoja, yaani gharama zinazohudumia pande zote mbili za duka. Hapa tuna umeme 35,100, ulinzi 72,000, pango 270,000 na mtunza hesabu 108,000. Jumla ni 485,100.

Hatua ya tano: uwiano

Fungu la pamoja linagawanywa kwa kanuni hii:

```
kodi inayokatwa = I × T / A
```

I ni kodi ya fungu la pamoja. T ni thamani ya mauzo yote yanayotozwa kodi katika mwezi huo, pamoja na ya kiwango cha sifuri kama yapo. A ni thamani ya mauzo yote, pamoja na yaliyosamehewa. T na A zote ni bila VAT.

Kwa duka letu, T ni 36,000,000 na A ni 60,000,000. Uwiano ni 0.60. Kodi inayokatwa ni 485,100 × 0.60, sawa na 291,060.

Angalia kosa linalojificha hapa. Ukichukua 42,480,000 ya kwenye droo badala ya 36,000,000, uwiano unakuwa karibu 0.64, kwa sababu umeingiza kodi ya serikali kana kwamba ni mauzo yako. Namba inaonekana ya kawaida, wala hakuna kitu kwenye ritani kitakachokushtua. Njia ya kujikagua ni kuzidisha T kwa 18%. Kama huna mauzo ya sifuri, jibu lazima lilingane na kodi ya mauzo. Hapa 36,000,000 × 18% ni 6,480,000, sawasawa. Pia fedha zilizoingia benki ambazo si mauzo, kama mkopo au mtaji ulioongezwa na mwenye duka, haziingii kwenye T wala A.

Sheria imeweka ngazi mbili za kurahisisha. Uwiano ukizidi 0.90, fungu lote la pamoja linakatwa. Ukiwa chini ya 0.10, hakikatwi kitu. Ngazi hizo zinahusu fungu la pamoja. Hazikurudishii kodi ya nyumbani wala ya gari dogo, hata uwiano ukiwa 0.99.

Hatua ya sita: kodi ya kulipa

```
Kodi ya mauzo                    6,480,000
Toa: fungu la kwanza             5,292,000
Toa: fungu la pamoja × 0.60        291,060
VAT ya kulipa                      896,940
```

Ritani na malipo ya Novemba vinatakiwa kabla ya kupita tarehe 20 Desemba.

Kabla ya kuwasilisha, fanya hesabu ya kurudi nyuma. VAT yote iliyoandikwa kwenye risiti za mwezi ni 5,400,000 za vifaa, 180,000 za rafu, 90,000 za gereji, 54,000 za umeme, 144,000 za ulinzi, 270,000 za pango na 108,000 za mtunza hesabu. Jumla ni 6,246,000. Tulichokata ni 5,583,060. Tofauti ni 662,940, na lazima uweze kusema kila shilingi ya tofauti hiyo imekwenda wapi.

Gari dogo limechukua 90,000. Nyumbani ni 198,900, yaani umeme 18,900, mlinzi wa geti 72,000 na saruji 108,000. Upande wa dawa ni 374,040, yaani rafu 180,000 na asilimia 40 ya fungu la pamoja, 194,040. Ukijumlisha unapata 662,940. Zikikataa kulingana, kuna risiti imehesabiwa mara mbili au imeachwa.

Zile 198,900 ziandike kama fedha alizochukua mwenye duka, zisiingie kwenye gharama za biashara. Zile 374,040 ni gharama halali za biashara, na zina mahali pa kwenda: kwenye bei ya dawa. Maduka mengi hupanga bei ya dawa kwa kuongeza faida juu ya bei ya kununulia tu, yakiamini kwamba bidhaa iliyosamehewa haina mzigo wa VAT. Kwa Novemba mzigo huo ni karibu 1.6% ya mauzo yote ya dawa. Rafu hazinunuliwi kila mwezi, lakini pango na ulinzi havikosi, na kwenye bidhaa yenye ushindani kama dawa za magugu kiasi hicho kinakula sehemu ya faida inayoonekana.

Uwiano unafuata mvua

Usibebe 0.60 kwenda mwezi unaofuata. Nyanda za juu kusini zina msimu mmoja mkubwa wa mvua, na duka la namna hii linageuka nao. Agosti watu wana fedha za mavuno na ardhi ni kavu, wanajenga. Tuseme mauzo ya ujenzi ni 57,000,000 na dawa 3,000,000. Uwiano ni 0.95, umezidi 0.90, na fungu lile lile la 485,100 linakatwa lote. Desemba na Januari magugu yanaota pamoja na mahindi, mafundi wanapumzika, na uwiano unaweza kushuka chini ya nusu. Pango halijabadilika, mlinzi ni yule yule, ila kodi unayokata imeshuka.

Kwa sababu hiyo, kitu kikubwa cha matumizi ya pamoja kinastahili kupangiwa mwezi. Jenereta ya duka zima ya 5,000,000 ina VAT 900,000. Ikinunuliwa katika Novemba yetu, kinachokatwa ni 540,000. Ikinunuliwa Agosti ya mfano huu, ni 900,000 kamili. Kama jenereta ya zamani inaweza kuvumilia, panga bajeti yake kabla mauzo ya dawa hayajaanza kupanda. Na ukiinunua, amua kabla ya kuifunga kama itawasha nyumba pia, kwa sababu ikiwasha, sehemu hiyo ya kodi itatoka kwanza kama ilivyotoka kwenye umeme, kabla hujaigusa 0.95 yako.